Mwanangu amepatikana Nakivale na mwaka wangu unakaribia kuisha: nisubiri DNA?

*"Mimi ni mama kutoka Fizi, Kongo. Nilikaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, serikali ya Kanada ikanileta Winnipeg tarehe 26 Machi 2025. Tulipokimbia vita, kijana wangu wa kwanza, Amani, alipotea akiwa mtoto. Mwezi wa kumi na moja Msalaba Mwekundu wamempata Nakivale, Uganda. Amezaliwa 2002. Kule wamemwandika jina la mjomba wake, na tarehe ya kuzaliwa 1/1/2004. Cheti hana. Jirani ananiambia nipime DNA kwanza ndipo niombe. Tena kuna Neema, mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 13, yuko Nyarugusu na bibi. Kwenye fomu niliandika ni binti yangu. Je, DNA itatuumbua? Baba Amani bado hajulikani alipo. Nifanye nini? – Mama Amani"*

Mama Amani, usisubiri DNA. Peleka ombi la Amani sasa, kwa karatasi ulizo nazo, lifike kabla ya mwisho wa Februari. La Neema usilipeleke kama lilivyo, kwanza muone mwanasheria. La baba Amani linaweza kungoja bila kuharibika. Nitaeleza moja baada ya jingine, lakini kama leo una nafasi ya kufanya jambo moja tu, fanya la Amani.

Kanada ina utaratibu ambao wengi wetu huuita dirisha la mwaka mmoja. Mkimbizi aliyeletwa kutoka nje anaweza kuomba mke au mume wake, na watoto wake tegemezi waliobaki nyuma, waje kwa faili lilelile alilokuja nalo yeye. Sharti ni kwamba ombi lao lifike ndani ya mwaka mmoja tangu siku alipopata ukaazi wa kudumu. Kwa mtu aliyeletwa na serikali kama wewe, siku hiyo ndiyo ile ya kuwasili, pale uwanja wa ndege afisa alipokusainisha karatasi. Hapa ndipo watu hupotea: wanahesabu tangu kadi ya ukaazi ilipokuja kwa posta, na kadi huja baadaye. Wengine wanafuata waliyosikia kwenye simu kutoka kwa ndugu walio nchi nyingine. Aliye Ujerumani atakwambia ni miezi mitatu, aliye Marekani atakwambia ni miaka miwili, na kila mmoja anasema kweli kwa nchi yake. Yako ni mwaka mmoja, na tarehe iko kwenye ile karatasi ya kuthibitisha ukaazi. Naamini bado iko ndani ya ule mfuko wa shirika la uhamaji la IOM uliokuja nao kifuani. Usiutupe mfuko huo wala chochote kilichomo.

Kwa nini nakusukuma hivi? Kwa sababu ya umri wa Amani. Sheria ya Kanada inamhesabu mtoto kuwa tegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hajaoa wala hajaolewa. Amani aliyezaliwa 2002 ana miaka 23, kwa hiyo ukiangalia kalenda ya ukutani amekwisha kupita. Lakini ndani ya dirisha la mwaka mmoja umri wake hauhesabiwi leo. Unahesabiwa siku ombi lako wewe la ukimbizi lilipowasilishwa. Chukua fomu zako za Nyarugusu uangalie tarehe. Tuseme ziliwasilishwa Oktoba 2019: Amani siku hiyo alikuwa na miaka 17, na kwa faili hili ataendelea kuhesabiwa kuwa na 17 hata viza ikichukua miaka mingine miwili. Sheria imeusimamisha umri wake pale.

Mwaka ukipita, mlango unaobaki ni ule wa kawaida wa kumdhamini ndugu, ambao raia na wakaazi wote wa Kanada huutumia. Mlango huo unauliza umri wa siku unapopeleka ombi jipya. Miaka 23 haingii. Pia mlango huo haumruhusu mtu anayepokea msaada wa kijamii wa serikali kudhamini ndugu, isipokuwa kama anaupokea kwa sababu ya ulemavu, na wakimbizi wengi katika miaka ya mwanzo wako kwenye msaada huo. Kwenye dirisha la mwaka mmoja kikwazo hicho hakipo. Kwa hiyo tofauti ya tarehe 25 Machi na tarehe 10 Aprili kwa kijana huyu ni kuja au kutokuja. Ungekuwa unamwombea mtoto wa miaka 9 ningekuwa mpole zaidi.

Sasa swali linalotangulia yote: je, Amani aliandikwa? Dirisha hili ni kwa mtu aliyetajwa kwenye ombi lako kabla hujapanda ndege. Hata kama hukujua yuko hai, alitakiwa kuandikwa kama mtoto asiyesafiri nawe, na mahali alipo kuandikwa hapajulikani. Fungua nakala ya fomu IMM 0008 utazame sehemu ya wategemezi. Jina lake likiwepo, hata kama herufi moja imekosewa, uko salama kwenye hatua hii. Kama huna nakala, unaweza kuomba faili lako kutoka IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, kwa sheria ya faragha. Ni bure, na kisheria wana siku 30 za kujibu, ingawa mara nyingi huchelewa. Omba, lakini usikae kusubiri jibu, kwa sababu siku hizo ndizo unazozihitaji. Jaza ombi la Amani sambamba.

Ukikuta hakuandikwa, mambo yanabadilika lakini hayafi. Kanuni ya 117(9)(d) humzuia mtu kumdhamini ndugu aliyemficha au aliyesahau kumtaja. Tangu tarehe 9 Septemba 2019 Kanada ina sera ya majaribio inayolegeza kanuni hiyo kwa watu waliokuja kama wakimbizi, na imekuwa ikiongezewa muda. Inapita mlango ule wa udhamini, kwa hiyo suala la umri linarudi. Ikifika hapo, ni kazi ya mwanasheria, siyo ya fomu za kujaza mezani jikoni. Hukuniambia, lakini nadhani uliwaambia UNHCR kwamba mtoto amepotea, kwa hiyo naendelea nikichukulia kwamba ameandikwa.

Jambo moja ambalo huwashtua wengi, tena kwa wema: Amani hahitaji kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ni mkimbizi. Anakuja kwa sababu ni mwanao. Angekuwa bado Fizi, au Uvira, au mtaani Bujumbura bila kadi yoyote, angeombewa vilevile, mradi yuko nje ya Kanada.

Ombi lenyewe hushindwa mara nyingi kwa vitu vidogo kuliko vikubwa. Fomu iliyokosa sahihi hurudishwa, na ombi lililorudishwa huhesabiwa kama halikuletwa kamwe. Ukilipeleka tarehe 20 Machi likarudi tarehe 15 Aprili, mwaka umekwisha. Ndiyo maana nimekwambia Februari, ili likirudi pawe na siku za kulirekebisha.

Amani ni mtu mzima, anasaini mwenyewe. Huwezi kumsainia, hata kwa ruhusa yake. Mtumie fomu kwa simu, atafute sehemu ya kuchapa, asaini kwa kalamu, apige picha kurasa zote zikiwa zimelala bapa na pembe nne zinaonekana, au bora zaidi azipitishe kwenye skana. Mwangalie sana kwenye fomu IMM 5669, pale wanapouliza maisha yako tangu ulipofika miaka 18. Wanataka kila mwezi uwe na maelezo. Vijana wa kambini huacha nafasi tupu wakidhani kwamba kukaa bila kazi siyo jambo la kuandikwa. Aandike: kuanzia mwezi huu hadi mwezi huu, bila kazi, kambi ya Nakivale, Uganda. Pengo la miezi mitatu latosha kurudisha fomu. Kama hajui tarehe kamili, aandike mwezi anaokumbuka, na kwenye karatasi ya maelezo aseme kuwa ni makadirio.

Kuhusu jina na tarehe tofauti, usihangaike kupita kiasi. Maafisa wanaoshughulikia Afrika Mashariki wameona wakimbizi wengi waliozaliwa tarehe 1 Januari. Wanajua ni karani aliyeuliza mwaka, na kompyuta haikukubali siku iwe tupu. Jina la mjomba nalo linaeleweka: mtoto amekuja na mjomba, ameandikwa kwenye kadi ya familia ya mjomba. Kinachowatia shaka ni mtu anayejaribu kuficha tofauti hizo. Kwa hiyo kwenye fomu ya Amani weka jina na tarehe uliyoandika wewe kwenye fomu zako za Nyarugusu, na jina la Nakivale liwekwe pale panapoulizwa majina mengine aliyowahi kutumia. Kisha andika tamko la kiapo, ukurasa mmoja, uape mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha hapo Winnipeg. Eleza mlitoka kijiji gani, mlitawanyika wapi, alikuwa na nani, mjomba ni ndugu wa nani, na kwa nini kadi ya Uganda inasema 2004. Amani naye aandike la kwake bila wewe kumwamrisha maneno. Hadithi mbili zinazofanana neno kwa neno huonekana zimeandikwa na mtu mmoja. Zikipishana kidogo kwenye rangi ya mlango wa nyumba hakuna anayejali.

Aende pia ofisi ya Waziri Mkuu pale kambini, ndiyo inayoandikisha wakimbizi Uganda, aombe kurekebishiwa jina na tarehe. Akipewa barua tu kwamba ameomba marekebisho, itumeni. Msingoje yakamilike.

Na tafadhali, Mama, hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mtu akikupigia kutoka Uvira kwamba anaweza kukutengenezea cheti cha kuzaliwa cha Amani kwa dola kadhaa, kikiwa na mhuri na tarehe ya 2002, mkatalie. Kongo kuna njia halali ya kupata hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti kwa mtu ambaye hakuandikishwa alipozaliwa, na mwenye ndugu wa kuifuatilia kihalali aifuatilie. Lakini karatasi ya kununua huchunguzwa, na ikigundulika ni bandia, ubaya wake si kwamba inatupwa tu. Inakuwa udanganyifu kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji, na Amani anaweza kufungiwa miaka mitano. Kijana asiye na cheti ana nafasi nzuri kuliko kijana mwenye cheti cha uongo.

Ushahidi ulio nao ni mzuri kuliko unavyodhani. Ile fomu ya ujumbe wa Msalaba Mwekundu, yenye mwandiko wake na wako, ina tarehe iliyotangulia ombi na imepita mikononi mwa chombo kisicho na maslahi. Iweke. Weka kadi ya ubatizo kama ipo, picha hata iliyofifia, kumbukumbu za simu mlizopigiana tangu Novemba, risiti za pesa ulizomtumia. Na faili lako la UNHCR la miaka ya Nyarugusu, ambamo ulimtaja mtoto aliyepotea muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria Kanada, ni ushahidi mkubwa kuliko cheti.

Sasa DNA. Jirani yako ameugeuza mstari wa nyuma kuwa wa mbele. Kanada inaichukulia kama njia ya mwisho, pale karatasi na maelezo vimeshindwa kumridhisha afisa. Anayeamua ni afisa, na hukuandikia barua. Kipimo ulichonunua mtandaoni ukajipangusa nyumbani hakikubaliki hata kikiwa sahihi, maana hakuna shahidi aliyeona mate hayo yametoka kwa nani. Kwa hiyo ukipima leo unatupa pesa, na wiki zinapita.

Kwa hali ya Amani, bila cheti na kwa jina lingine, nadhani barua hiyo itakuja. Ikija, itataja nani na nani wapimwe na kwa muda gani. Utachagua maabara kwenye orodha ya zile zilizoidhinishwa na Baraza la Viwango la Kanada, utalipa mwenyewe, kwani gharama yote ni ya mwombaji. Maabara itakupangia mahali pa kutoa sampuli hapo ulipo, na itapanga na upande wa Afrika Mashariki jinsi Amani atakavyotoa yake mbele ya mtu aliyeteuliwa. Uliza bei ya jumla kabla hujalipa, pamoja na usafirishaji na ada ya anayechukua sampuli Uganda, kwa sababu hapo ndipo bei mbili zinazofanana hutofautiana. Usisahau nauli ya Amani kutoka Nakivale.

Kipimo hakina sindano. Anayechukua sampuli anamtaka kila mmoja aonyeshe kitambulisho, anampiga picha, kisha anasugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu. Kijiti kinaingia kwenye bahasha, inafungwa na kusainiwa mbele yenu. Amani asile wala asinywe chochote muda mfupi kabla yake. Kitambulisho chake ndicho kikwazo cha kweli: kama kadi ya Nakivale ina jina la mjomba, mwambie maabara mapema, na jina hilo liwe lilelile kwenye barua ya afisa, la sivyo anaweza kurudishwa mlangoni. Majibu hayapitii kwako, yanakwenda moja kwa moja ofisi ya viza.

Kinachosomwa ni hiki. Mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa mama, kwa hiyo kwenye kila sehemu inayopimwa lazima kuwe na alama moja inayolingana na ya mama. Zikilingana zote, maabara hukokotoa uwezekano kwamba wewe ni mama yake, na Kanada inataka usipungue asilimia 99.8. Baba kutokuwepo hakuharibu. Maabara ikiona namba iko chini kidogo huongeza sehemu za kupima. Kwa mama aliyemzaa kweli mwanaye, sijui sababu ya kuogopa kipimo hiki. Kama muda uliotajwa kwenye barua hautoshi, andika kuomba nyongeza kabla haujaisha, eleza maabara imepanga lini. Ukikaa kimya ukapita, afisa ataamua kwa yaliyomo kwenye faili, na kwa kawaida hayo ndiyo yaliyomtia shaka.

Neema.

Ndiyo, kipimo kitaonyesha kwamba hukumzaa. Shangazi wa damu wa upande wa mama, yaani mama mdogo au mama mkubwa kama tunavyosema, ana alama nyingi zinazofanana na za mtoto, lakini kwenye sehemu kadhaa hazitalingana, na mtaalamu anaona mara moja kwamba huyu si mzazi. Najua kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na Nyarugusu hakuna aliyewahi kukuuliza umemzaa lini. Naamini ulipoandika hukuona kwamba unadanganya. Ila sheria ya Kanada inamjua mtoto kuwa wa kuzaa au wa kuasili kisheria, na mtoto uliyemlea tu haingii kwenye dirisha la mwaka mmoja.

Ukimpeleka sasa kama binti na DNA ikamkana, madhara hayaishii kwake. Afisa ataanza kutilia shaka na Amani, na wewe mwenyewe unaweza kuulizwa juu ya ukaazi wako. Ndiyo maana hili linahitaji mwanasheria wa uhamiaji kabla ya fomu, tena mwanasheria au mshauri mwenye leseni, siyo mtu wa kanisani anayejua kujaza fomu. Uliza ofisi ya msaada wa sheria ya Manitoba. Atakachokusaidia ni kurekebisha rekodi kwa hiari yako, kwa barua inayoeleza ukweli: dada alifariki lini, mtoto ulimchukua akiwa na umri gani, kwa nini uliandika vile. Rekodi iliyosahihishwa na mwenyewe kabla ya kuulizwa husomwa kwa jicho tofauti na ile iliyofichuliwa na maabara. Tena inawezekana UNHCR waliandika ukweli tangu mwanzo, kwa sababu watoto yatima huhojiwa pekee yao, na tofauti hiyo tayari iko kwenye mafaili ikikusubiri.

Neema ana mlango wake. Udhamini wa kawaida wa Kanada unamruhusu mtu kumleta mpwa wake aliye yatima, mradi baba na mama wote wamefariki, mtoto yuko chini ya miaka 18 na hajaolewa. Ana miaka 13, kwa hiyo mna muda, na hapa DNA inageuka kuwa upande wenu, kwa sababu maabara inaweza kupima undugu wa mama mdogo na mpwa. Jibu lake haliwi zito kama la mama na mtoto, lakini kwa kuwa wewe na dada yako mlirithi kwa mama mmoja ile DNA inayopita kwa akina mama pekee, Neema anayo ileile yako, na hilo linathibitisha kwamba mko ukoo mmoja wa kike. Ugumu ni mwingine: mlango huu unadai kipato cha kiwango fulani, na unataka uthibitisho wa vifo vya wazazi wote wawili. Hukumtaja baba yake Neema. Kama yuko hai mahali, au hajulikani tu, njia hii haisimami, na mwanasheria atatazama ombi la kibinadamu badala yake. Anza kukusanya habari za baba huyo sasa.

Baba Amani sasa. Yeye hawezi kuingia kwenye ombi la Februari kwa sababu kila mtu mzima anasaini fomu zake, na mtu asiyejulikana alipo hasaini. Lakini kwake kupita kwa mwaka hakuumi kama kwa Amani: mume hana kikomo cha umri. Mradi ulimtaja kwenye IMM 0008 kama mume asiyejulikana alipo, akipatikana hata baada ya miaka mitano utamwombea kwa udhamini wa kawaida. Mambo mawili hasa yanaweza kuvunja hilo. Moja ni kuandika popote kwamba amefariki wakati huna uhakika, jambo ambalo wajane wengi hufanya ili kufupisha maswali. La pili ni kufunga ndoa nyingine.

Kwa hiyo faili lake la kutafutwa liache wazi. Huduma ya Msalaba Mwekundu ni bure kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anayekuomba pesa kwa jina lao ni tapeli. Nenda Msalaba Mwekundu wa Kanada umwongeze kwenye ombi, ukiwapa majina yote aliyojulikana nayo, pamoja na jina la utani la kijijini, jina la baba na mama yake, mahali na mwaka mlipoonana mwisho, na alikuwa na nani. Amani aongee nao pia huko Uganda, maana alipita njia nyingine na huenda mjomba alisikia neno. Wakimpata watamuuliza kwanza kama anakubali ujue alipo, na hilo wanalishika kwa kila mtu. Habari hizo hawazipeleki kwa idara ya uhamiaji, hivyo siku akipatikana ni juu yako kuwajulisha IRCC. Na ukihama nyumba hapo Winnipeg au ukibadili namba ya simu, waambie wote wawili, Msalaba Mwekundu na IRCC, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu hawapeani anwani.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, ila vijana wa umri wa Amani wananilazimisha kulisema. Umri wake umesimamishwa, hali yake ya ndoa haikusimamishwa. Akioa kabla hajatua Kanada, anatoka kwenye hesabu ya mtoto tegemezi siku hiyohiyo, hata harusi ikiwa ya kimila tu. Kuishi na mwenzake kama mke na mume kwa mwaka mzima kunahesabiwa vivyo hivyo. Kama tayari anaishi hivyo, asifiche, muongee na mwanasheria kabla ya kutuma. Kama bado, mpigie leo, kabla wajomba hawajaanza kuzungumza mahari.